Mtoto Mchanga Safarini kwa Ndege

Siku hizi jamaa nyingi zina ndugu ng'ambo, na si ajabu tena mama kusafiri kwa ndege na mtoto mgongoni, ama kumfuata mumewe aliye masomoni, ama kwenda kuwaonyesha wazee mjukuu wao. Wasomaji wetu kadhaa wametuuliza ni mambo gani yawapasa kujua kabla ya safari ya kwanza. Tumeona vema kueleza machache, lakini kwa urefu wa kutosha. Na ili maneno yetu yasielee hewani, tutamfuata mama mmoja wa mfano, mwenye mtoto wa miezi 5, atokaye Nairobi kwenda London, mwendo wa yapata saa 9 angani.

Habari ya umri

Jambo la kwanza ni umri. Mtoto aliyezaliwa jana au juzi hafai kupandishwa ndege, maana mapafu yake bado yazoea kazi ya kuvuta hewa, na hewa ya ndani ya ndege ni nyepesi kuliko ya chini. Kampuni nyingi za ndege hazimpokei mtoto ambaye hajatimiza siku 7, na nyingine hutaka siku 14, au barua ya daktari. Aliyezaliwa kabla ya miezi yake kutimia, huyo aulizwe daktari kwanza, hata kama siku zake zimetosha.

Mtoto ambaye hajatimiza miaka 2 husafiri mapakani pa mzazi. Hana kiti chake, lakini ni lazima awe na tikiti yenye jina lake, na katika safari za nchi za nje nauli yake huwa karibu sehemu ya kumi ya nauli ya mtu mzima. Tena yampasa kuwa na pasipoti yake mwenyewe. Mtu mzima mmoja hupakata mtoto mmoja tu. Mwenye pacha, akisafiri peke yake, hana budi kulipia kiti kwa ajili ya mmoja wao.

Hapo wengi hujikwaa, kwa kuwa umri huhesabiwa kwa kila safari, si kwa siku ya kununua tikiti. Tuseme mtoto aondoka ana miezi 22, akakaa ugenini miezi 3. Kwenda atapakatwa, kurudi atakuwa na miezi 25, naye sasa hana ruhusa ya kupakatwa, bali ataka kiti na nauli ya mtoto. Asiyelifikiri jambo hili mapema hulijua mbele ya meza ya kupokelea abiria, siku ya kurudi, ambapo viti huenda vimekwisha au bei imepanda mno.

Habari ya kitanda

Katika ndege kubwa za safari ndefu kuna vitanda vidogo vya watoto wachanga. Kitanda hicho hutundikwa katika ukuta ulio mbele ya safu ya kwanza ya viti, nacho huletwa na watumishi wa ndege baada ya ndege kufika juu na kutulia. Katika ndege ndogo za safari fupi, kama ile ya Nairobi hadi Mombasa, mara nyingi havipo kabisa.

Kuta hizo ni chache, na kwa hiyo vitanda ni vichache. Mama na aombe siku ile ile anunuapo tikiti, akitaja umri wa mtoto, uzito wake na urefu wake. Kitanda kina kipimo: kampuni nyingi huweka mwisho wa kilo 10 au 11, na urefu wa sentimeta 70 na kidogo. Mtoto wetu wa miezi 5, mwenye kilo 7, ataingia bila shida; lakini mtoto wa mwaka mmoja aliyenona, au yule awezaye kujiinua na kusimama, hafai kulazwa humo, maana aweza kuanguka. Katika maandishi ya kampuni ombi hilo huandikwa BSCT. Mama amwombe karani amwonyeshe herufi hizo karibu na jina lake, kisha apige simu siku mbili tatu kabla ya safari kuhakikisha. Hata hivyo si ahadi isiyovunjika, kwa kuwa ndege yaweza kubadilishwa saa ya mwisho.

Kiti cha mbele ya ukuta kina taabu zake pia. Hakuna kiti mbele yake ambacho mfuko waweza kuwekwa chini yake, basi wakati wa kuruka na kutua mizigo yote hupandishwa juu. Mama atoe mapema kitambaa, chupa na nepi moja, avishike karibu.

Tena mtoto hakai kitandani wakati wa kuruka, wala wa kutua, wala kila mara taa ya mikanda iwakapo kwa sababu ya misukosuko ya hewa. Hapo hurudishwa mapakani, naye hufungwa kwa mkanda mdogo unaopenyezwa katika mkanda wa mama. Asifungwe pamoja na mama ndani ya mkanda mmoja, wala kwa kanga au mbeleko. Twajua kwamba mama zetu huona mbeleko kuwa ndiyo salama kuliko vyote. Lakini ndege ikisimama kwa ghafula, mwili wa mama hutupwa mbele kwa nguvu, na mtoto aliyefungwa naye ndiye apondwaye. Mwenye uwezo wa kumlipia mtoto kiti, akamweka katika kiti cha watoto cha motokaa kilichokubaliwa na kampuni, amemlinda zaidi.

Habari ya kunyonya na masikio

Sasa twafika katika jambo lililo kubwa kuliko yote, ambalo kwa kawaida husemwa nusu tu. Watu humwambia mama, "Mnyonyeshe ndege inaporuka." Si vibaya. Lakini saa yenye maumivu hasa ni ile ya kushuka.

Sababu yake ni hii. Nyuma ya ngozi ya sikio mna chumba kidogo chenye hewa, na toka chumba hicho kuna mfereji mwembamba ushukao hadi kooni. Ndege ipandapo, hewa ya nje hupungua nguvu, na ile iliyomo sikioni hutoka yenyewe kupitia mfereji. Ndege ishukapo, mambo hugeuka: hewa ya nje yaongezeka nguvu na kuisukuma ngozi ya sikio kwa ndani, na mfereji, ambao ni laini, hujifunga. Haufunguki mpaka mtu ameze au apige miayo. Mtu mzima humeza mate kwa akili. Mtoto mchanga hajui, tena mfereji wake ni mwembamba kuliko wetu. Ndiyo maana twamnyonyesha: si kwa ajili ya njaa, bali ili ameze.

Na tutazame safari ya mama wetu. Uwanja wa ndege wa Nairobi uko juu ya usawa wa bahari kwa yapata meta 1,600. Ndani ya ndege hewa hutunzwa iwe kama ya mlima wa meta 1,800 hadi 2,400, ingawa ndege yenyewe iko juu zaidi sana. Basi kupanda kutoka Nairobi, masikio ya mtoto hupanda meta 800 tu kwa wingi. Lakini London iko karibu na usawa wa bahari. Kushuka huko ni meta 2,400, mara tatu zaidi. Mama aliyemaliza maziwa yake yote wakati wa kuruka, akamwacha mtoto amelala wakati wa kutua, amefanya kinyume cha haja. Hata safari fupi ya Nairobi hadi Mombasa au Dar es Salaam ina jambo lilo hilo, kwa kuwa ni kutoka nyanda za juu kwenda pwani.

Basi afanyeje? Wakati wa kuruka, asianze ndege inapoanza kutembea uwanjani, maana yaweza kungoja zamu yake kwa muda mrefu na mtoto akashiba kabla ya haja. Angoje mpaka injini zivume kwa nguvu. Wakati wa kushuka, aanze yapata nusu saa kabla ya kutua. Rubani hutangaza, sauti ya injini hupungua, na masikio ya mama mwenyewe yakianza kuziba, hiyo ndiyo alama isiyodanganya. Mtoto akiwa amelala, aamshwe, maana alalaye humeza mara chache. Amnyonyeshe kichwa kikiwa kimeinuka, kidogo kidogo, akipumzika, ili maziwa yatoshe mpaka magurudumu yaguse ardhi.

Atumiaye maziwa ya unga na apime unga mkavu katika vikopo, kila kimoja kwa mlo mmoja. Maji ya moto awaombe watumishi saa nzima kabla ya kutua, kwa kuwa baadaye nao huketi na kufunga mikanda, na hakuna wa kumletea. Maji ya bomba la msalani yasitumiwe. Maziwa yakiisha kupoa, yako tayari kwa saa yake; yakipita saa 2 yamwagwe.

Mtoto akikataa kunyonya, apewe chuchu ya mpira, au kidole safi. Akilia, mama asifadhaike kupita kiasi: kulia nako humfanya ameze, na mfereji hufunguka. Lakini mtoto mwenye mafua makali au ugonjwa wa sikio apelekwe kwa daktari kabla ya safari, maana mfereji uliovimba haufunguki kwa kunyonya. Na ikiwa baada ya kutua aendelea kulia akijishika sikio, au ana homa, au usaha watoka, aonwe na daktari siku hiyo hiyo.

Habari ya nguo

Mizigo mikubwa huingia tumboni mwa ndege, wala haifunguliwi mpaka mwisho wa safari. Kwa hiyo nguo za akiba ni zile zilizo mkononi tu. Mama wetu aondoka nyumbani saa 4 kabla ya ndege kuruka, akaa angani saa 9, na kule atangoja pasipoti na mizigo, tuseme saa 3. Jumla ni saa 16. Nepi moja kwa kila saa 2 ni nepi 8. Aongeze 4 kwa ajili ya ndege kuchelewa, ziwe 12.

Nguo kamili za mtoto ziwe jozi mbili, kila jozi katika mfuko wake, ili asipekue gizani; na mfuko huo huo upokee zilizochafuka. Tena asijisahau mwenyewe. Mtoto atapikapo, hutapikia kifua cha mama, naye mama asiye na blauzi ya pili atakaa hivyo hivyo mpaka London. Kanga mbili hazizidi kamwe: moja ya kumfunika, maana ndani ya ndege huwa baridi usiku, na moja ya kutandika anapobadilishwa.

Na katika mfuko huo, juu ya vyote, kikae kikopo cha maziwa ya saa ya kushuka, au kifua cha mama kiwekewe akiba kwa saa hiyo.