Mbuzi wa Idi na Nafsi Tatu za Msimulizi

Mwalimu akimuuliza mwanafunzi hadithi imesimuliwa kwa nafsi gani, mara nyingi jibu hutoka haraka: akiona "nili-" anasema nafsi ya kwanza, akiona "uli-" nafsi ya pili, akiona "ali-" nafsi ya tatu. Jibu hilo huwa sahihi mara nyingi, ila linapokosea hukosea vibaya, kwa sababu kiambishi kinaonyesha nani anatajwa tu. Swali la nafsi ya usimulizi ni jingine: tumesimama wapi tunapoyaona haya, na tunaruhusiwa kujua nini?

Tuchukue kisa kidogo. Idi ametumwa na kaka yake akamlete mbuzi wa akika ya mtoto. Jioni anarudi na kamba tupu. Anayemsubiri barazani ni Mwajuma, mke wa kaka yake. Kwa nafsi ya kwanza kisa kinaweza kuanza hivi:

"Nilimwona Idi akishuka kwenye bodaboda, kamba ya mbuzi ikining'inia begani. Mbuzi mwenyewe hakuwepo. 'Shikamoo shemeji,' aliniamkia kabla hata hajavuka mfereji. Nikaitikia marahaba huku nikijua ameshamuuza."

Msimulizi ni Mwajuma mwenyewe. Yumo ndani ya tukio, na tunalolijua ni lile aliloliona, alilolisikia au alilolidhania. Huenda amekosea. Huenda mbuzi amekufa njiani na Idi ana aibu ya bure. Msomaji hana pa kuhakikisha ila kwa maneno ya Mwajuma, na hapo ndipo utamu wa nafsi ya kwanza ulipo: msimulizi anaweza kutudanganya, au kujidanganya mwenyewe.

Hapa wanaoanza hukwama mara mbili. Kwanza, humchanganya "mimi" wa hadithi na mwandishi. Anayesimulia *Siku Njema*, riwaya ya Ken Walibora ya mwaka 1996, ni Kongowea Mswahili, kijana aliyekulia Tanga. Walibora alikuwa Mkenya. "Mimi" wa *Kichwamaji* ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1974, ni Kazimoto, mhusika aliyebuniwa kama wahusika wengine wote. Pili, hudhani nafsi ya kwanza lazima ijae "nili-". Soma hii:

"Idi alishuka kwenye bodaboda na kamba tupu. Mama alisimama barazani, mikono kiunoni. Hakuna aliyeniona mimi niliyekuwa uani nikimenya ndizi."

Sentensi mbili za mwanzo zote zina "ali-". Lakini ya tatu inatuambia kwamba muda wote kuna mtoto anayetazama, na maneno yote ni yake. Hii ni nafsi ya kwanza, ingawa mhusika mkuu ni mtu mwingine.

Nafsi ya pili ni adimu kuliko zote katika hadithi, na ndiyo inayosingiziwa zaidi. Barua si nafsi ya pili. *Barua Ndefu Kama Hii* ya Mariama Bâ, iliyotoka kwa Kifaransa mwaka 1979, inamwandikia Aissatou, kwa hiyo "wewe" yupo, lakini anayeishi kisa na kukisimulia ni Ramatoulaye, kwa "mimi". Maelekezo ya mapishi nayo si hadithi ya nafsi ya pili, hata yakisema "ukishakaanga vitunguu, tia nyanya". Na mhusika akimwambia mwenziwe "wewe mwongo", hayo ni mazungumzo tu. Nafsi ya pili ya kweli ni pale "wewe" anapokuwa ndiye mtendaji wa kisa:

"Unamwona Idi akishuka kwenye bodaboda, kamba ya mbuzi ikining'inia begani. Mbuzi mwenyewe hayupo. 'Shikamoo shemeji,' anakuamkia kabla hata hajavuka mfereji. Unaitikia marahaba huku unajua ameshamuuza."

Msomaji anavalishwa kanga ya Mwajuma kwa nguvu. Kwa ukurasa mmoja au miwili inasisimua. Kwa riwaya nzima, kwa maoni yangu, huchosha, kwa kuwa msomaji huanza kubisha moyoni: mbona mimi sijafanya hivyo? Kiswahili pia kina mtego wake hapa. "Huamini" ina maana mbili: wewe hauko tayari kuamini, au fulani ana kawaida ya kuamini. Vitenzi vya Kibantu hutuokoa, kwa sababu kikanushi hubadilisha mwisho: "hulali" ni wewe usiyelala, "hulala" ni mazoea ya yeyote. Vitenzi vyenye asili ya Kiarabu, kama kuamini, kufikiri, kujibu na kusahau, havibadiliki. Ukiandika "Huamini maneno ya Idi", msomaji hatajua kama anaambiwa kwamba yeye haamini au ameelezwa tabia ya mtu. Ni bora ugeuze sentensi.

Tufike sasa penye kazi. Nafsi ya tatu ina milango miwili. Mmoja tunaujua tangu utotoni, wa ngano: msimulizi anajua sungura anapanga nini, na papo hapo anajua fisi ana njaa kiasi gani. Wahakiki humwita huyo msimulizi maizi, ajuaye yote. Mlango wa pili ni nafsi ya tatu yenye mipaka. Msimulizi anasema "a-", lakini amejifunga kwenye kichwa cha mhusika mmoja. Asichokiona mhusika huyo, nasi hatukioni.

"Mwajuma alimwona Idi akishuka kwenye bodaboda, kamba ya mbuzi ikining'inia begani. Mbuzi mwenyewe hakuwepo. 'Shikamoo shemeji,' Idi alimwamkia kabla hata hajavuka mfereji. Akaitikia marahaba. Ameshamuuza huyu. Na kesho wageni watakula nini?"

Tazama sentensi mbili za mwisho. Hakuna "Mwajuma aliwaza kwamba", wala alama za kunukuu. Lakini "huyu" ni neno la Mwajuma, la mtu aliyekasirika akimtazama shemeji yake, na "kesho" ni kesho yake yeye. Mawazo yamepenya kwenye usimulizi bila kubisha hodi. Ukiona maneno ya namna hiyo mara kwa mara, yote yakitoka kwa mtu mmoja tu, jua uko kwenye nafsi ya tatu yenye mipaka.

Je, ukiwa na shaka? Kuna jaribio ambalo Mfaransa Roland Barthes alilieleza mwaka 1966: igeuze nafsi ya tatu iwe ya kwanza, uone kama maandishi yanakubali. Tulijaribu kwenye aya hii, ambayo inafanana na nyingi zinazoandikwa na wanaoanza:

"Mwajuma aliitikia marahaba huku uso umemsawijika. Idi alikumbuka deni la shilingi 60,000 alilomficha kaka yake, moyo ukamwenda mbio."

Sasa mpe Mwajuma "ni-": "Niliitikia marahaba huku uso umenisawijika. Idi alikumbuka deni la shilingi 60,000 alilomficha kaka yake, moyo ukamwenda mbio." Imekwama mahali pawili. Mwajuma hana kioo mkononi, ameuonaje uso wake? Na deni ambalo hata kaka mtu hajui, yeye amelijuaje? Kosa la kwanza ni dogo, halionekani kirahisi. La pili ni kuruka kutoka kichwa kimoja hadi kingine. Mwandishi aliyeamua kuwa maizi tangu mwanzo ana haki ya kufanya hivyo, kama msimulizi wa ngano. Aliyetukalisha kwa Mwajuma kurasa tatu hana haki hiyo, maana msomaji alikuwa akisubiri kugundua deni pamoja na Mwajuma, na sasa amepewa siri bure.

Dawa yake ni kutafuta kinachoonekana kwa nje:

"Mwajuma aliitikia marahaba, ulimi mzito. Idi hakuja hadi barazani. Alisimama kando ya mfereji akiikunja ile kamba, akaikunjua, akaikunja tena."

Moyo wa Idi haujatajwa, lakini kamba imeeleza wasiwasi wake. Ulimi mzito Mwajuma anausikia mwenyewe mdomoni. Igeuze aya hii kwa "ni-" na kila neno litakaa.

Jaribio hili lina mpaka wake. Hadithi ikianza "Mwajuma, mwanamke wa miaka 34 mwenye sauti ya chini", ukiweka "mimi" itasikika kichekesho, kwani hakuna anayejitambulisha hivyo. Hata hivyo halijavunjwa jambo. Msimulizi wa nafsi ya tatu anaruhusiwa kusimama hatua moja nyuma ya mhusika na kutumia maneno ambayo mhusika asingeyatumia. Unapopima, uliza kuhusu ujuzi: je, jambo hili Mwajuma angeweza kulijua? Sauti ni suala jingine.

Kuna tatizo moja zaidi linalowasumbua hasa wanaoandika kwa Kiswahili, kwa sababu "a-" yetu haibagui mwanamke na mwanamume. "Alimwambia amechoka na maneno yake." Nani kachoka, na maneno ni ya nani? Njia nyepesi ni hii: mhusika tunayeona kwa macho yake apewe "a-" tupu mara nyingi, na mwingine atajwe kwa jina kila anapotenda. Ndiyo maana hapo juu niliandika "Idi alimwamkia", kisha "Akaitikia" bila jina. Baada ya aya chache msomaji huzoea kwamba kitenzi kisicho na jina ni cha Mwajuma.

Mipaka haimaanishi mhusika mmoja kitabu kizima. Chimamanda Ngozi Adichie, katika *Half of a Yellow Sun*, riwaya ya mwaka 2006 kuhusu vita vya Biafra, ana madirisha matatu: Ugwu, mtumishi wa nyumbani; Olanna; na Richard, Mwingereza. Zamu hubadilika sura inapobadilika, na ndani ya sura tunabaki na mmoja. Mwandishi huyohuyo ametumia nafsi ya kwanza katika *Purple Hibiscus* ya mwaka 2003, inayosimuliwa na msichana Kambili, na nafsi ya pili katika hadithi fupi iliyoupa jina mkusanyiko wake wa mwaka 2009, *The Thing Around Your Neck*. Anayetaka kuona nafsi zote tatu kwa kalamu moja aanzie hapo.

Na kama una hadithi yako mezani, chukua ukurasa mmoja wenye "a-" na kalamu nyekundu. Mchague mtu mmoja, mgeuzie kila kitenzi chake kiwe cha "ni-", kisha piga mstari chini ya kila sentensi asiyoweza kuisema. Mistari ikizidi mitano kwa ukurasa, msimulizi wako ni maizi, na ni bora ukubali hivyo na kuiandika upya hadithi yote kwa mtindo huo. Ikiwa miwili au mitatu, irekebishe hiyo tu.