Kodi Iliyokatwa Sawasawa, Lakini Ikazidi

Kaka yangu ni mpishi. Mwaka 2023 alifanya kazi kwenye hoteli moja ya watalii huku kwetu Karatu, Januari hadi Machi. Masika yakaanza, wageni wakapungua, akaambiwa apumzike. Aprili na Mei alikuwa nyumbani Ganako. Juni akapata kazi hoteli nyingine, mshahara uleule, mpaka Desemba.

Likizo nilikaa naye na slipu zake zote kumi. Kila mwezi, baada ya kutoa mchango wa NSSF, mshahara unaokatwa kodi ulikuwa 540,000, na mstari ulioandikwa PAYE ulikuwa 24,000. Waajiri wote wawili hawakukosea. Jedwali la TRA linaacha 270,000 za kwanza bila kodi, 250,000 zinazofuata zinakatwa asilimia 8, yaani 20,000, na 20,000 iliyobaki inakatwa asilimia 20, yaani 4,000.

Sasa hapa ndipo watu wengi tunapopotea. Jedwali ni la mwezi, lakini kodi ya mapato ni ya mwaka, Januari hadi Desemba. Kwa mwaka, kiasi kisichokatwa ni 3,240,000, hata kama miezi miwili hukupata kitu. Kaka alipata 5,400,000. Toa 3,240,000, inabaki 2,160,000. Yote inaangukia kwenye asilimia 8, kwa hiyo anadaiwa 172,800. Amekatwa 240,000. Zimezidi 67,200, ambazo zinalipa bima yangu ya chuo na chenji inabaki!

Angehama bila kukaa nyumbani, kwa mshahara uleule, kusingekuwa na cha kudai. Na kama ana kipato kingine ambacho hakijakatwa kodi, nacho kinaingia kwenye hesabu, anaweza kujikuta anadaiwa yeye.

Hela hiyo hairudi yenyewe. Mwenye mwajiri mmoja tu mwaka mzima hahitaji kuwasilisha ritani, ila aliyekuwa na wawili hayumo kwenye msamaha huo. Kaka anatakiwa awe na TIN, apate kwa kila mwajiri hati inayoonyesha mshahara na kodi iliyozuiwa, awasilishe ritani ya mwaka kabla ya Juni 30, ndipo aombe kwa maandishi arejeshewe. TRA wanahakiki kwanza, na kama una deni lingine la kodi, wanalipunguza hapo.

Tulichokwama ni hati ya hoteli ya kwanza. Mhasibu aliyekuwepo ameshaondoka, na kwenye orodha waliyopeleka TRA jina la kaka liliandikwa bila TIN. Slipu inaonyesha kakatwa, ila ofisini pesa ile haisomeki kuwa ni yake. Imebidi aombe hoteli irekebishe orodha ya miezi ile mitatu. Ya hoteli ya pili tulipewa siku hiyohiyo.

Nimerudi chuo kabla hawajamjibu. Slipu zote nimezipiga picha.