Lita 12 Zilizomezwa na UNION

Ushirika wa maziwa huendeshwa kwa hesabu ya lita. Mfugaji hufika kituoni asubuhi, karani akapima maziwa na kuingiza namba ya mwanachama, tarehe na lita. Jioni mfugaji yuleyule hurudi na maziwa mengine, nayo yakapimwa na kuingizwa vilevile. Ushirika ukitunza kila mwezi kwenye jedwali lake, kanzidata inakuwa na `maziwa_januari`, `maziwa_februari` na kuendelea. Siku mhasibu anapotaka jumla ya miezi miwili, hana budi kuyapanga majedwali hayo moja chini ya jingine.

Kazi hiyo katika lugha ya SQL hufanywa kwa amri hii:

```sql
SELECT mwanachama, tarehe, lita FROM maziwa_januari
UNION
SELECT mwanachama, tarehe, lita FROM maziwa_februari;
```

Ukiongeza neno `ALL` baada ya `UNION`, amri itafanya kazi vilevile bila kulalamika. Ila idadi ya mistari inaweza kubadilika, na jumla ya lita ikabadilika nayo.

Tuchukue wanachama wawili na siku tatu tu, ili kila mstari uonekane. Januari 30, mwanachama 101 alileta lita 6 asubuhi na lita 6 jioni, na mwanachama 102 akaleta lita 4. Siku ya 31, 101 alileta lita 5 na 102 lita 4. Jedwali la Januari basi lina mistari 5 na lita 25. Februari 1, 101 alileta tena lita 6 asubuhi na 6 jioni, naye 102 akaleta lita 3. Lakini karani aliyefungua mwezi mpya aliingiza pia karatasi moja ya Januari 31 iliyobaki mezani: zile lita 4 za 102, ambazo mwenzake alikwishaziingiza. Jedwali la Februari likawa na mistari 4 na lita 19.

`UNION ALL` inachukua kila mstari kama ulivyo: 5 na 4 ni 9, lita 44. `UNION` inarudisha mistari 6 na lita 28. Maziwa yaliyofika kituoni kweli yalipimwa mara 8, na yalikuwa lita 40. Kwa hiyo amri zote mbili zimekosea, moja kwa kuzidisha lita 4 na nyingine kwa kupunguza lita 12.

Wengi wanajua kwamba `UNION` huondoa marudio, ila hudhani inatafuta tu mistari ya Januari iliyojirudia Februari. Sivyo. Kwanza inakusanya mistari yote pamoja, kisha kila kundi la mistari inayofanana katika safu zote zilizochaguliwa linabakizwa mstari mmoja. Haijali mistari hiyo imetoka jedwali gani. Lita 6 za jioni ya Januari 30 zilikuwa ndani ya jedwali la Januari pamoja na lita 6 za asubuhi. Kwa namba, tarehe na kipimo, mistari hiyo miwili haina tofauti, basi mmoja ukafutwa. Mfugaji 101 alipoteza lita 6 Januari na 6 nyingine Februari, na hakuna ujumbe wowote wa kosa uliotokea kwenye skrini.

Tabia hii ina asili yake. Edgar Codd wa IBM alipoeleza mwaka 1970 namna ya kupanga data kwa majedwali, aliegemea hisabati ya seti, na katika seti kitu hakihesabiwi mara mbili. SQL, iliyozaliwa IBM hukohuko miaka michache baadaye, iliruhusu jedwali liwe na mistari pacha, na `SELECT` ya kawaida haiifuti mpaka uandike `DISTINCT`. Kwenye `UNION` mambo yamegeuzwa: kufuta ndiyo desturi, na asiyetaka ndiye anayelazimika kusema `ALL`. Kwa maoni yangu mpangilio huo umewagharimu wahasibu wengi usingizi.

Kuna tiba inayopendwa sana ambayo haiponyi. Mtu huongeza safu ya mwezi, yaani `'Januari' AS mwezi` upande mmoja na `'Februari' AS mwezi` upande wa pili, akiamini sasa kila mstari una utambulisho wake. Kwa mfano wetu, `UNION` itatoa mistari 7 na lita 32. Maziwa ya jioni bado yamefutwa, maana asubuhi na jioni ziko mwezi mmoja. Ule mstari wa 102 ulioingizwa mara mbili umeponea, kwa kuwa sasa nakala moja inaitwa Januari na nyingine Februari. Kilichostahili kubaki kimeondoka, na kilichostahili kuondoka kimebaki.

Safu hiyo ina faida yake, lakini katika uchunguzi. Unganisha kwa `UNION ALL` ukiwa na safu ya mwezi, uyape matokeo jina `yote`, kisha uliza:

```sql
SELECT mwanachama, tarehe, lita,
       COUNT(*) AS mara,
       COUNT(DISTINCT mwezi) AS majedwali
FROM yote
GROUP BY mwanachama, tarehe, lita
HAVING COUNT(*) > 1;
```

Yatatoka makundi matatu, kila moja likiwa na `mara` 2. Mawili ya mwanachama 101 yana `majedwali` 1: marudio yako ndani ya mwezi mmoja, na huenda ni asubuhi na jioni. Kundi la 102 la Januari 31 lina `majedwali` 2, na hapo lazima ushtuke, kwa sababu maziwa ya Januari hayana kazi kwenye jedwali la Februari. Hata hivyo namba hizi ni dalili tu. Karani anaweza kuingiza karatasi ileile mara mbili ndani ya mwezi mmoja, na swali hili halitamtofautisha na mfugaji mwenye ng'ombe anayetoa kiasi kilekile asubuhi na jioni. Inabidi mtu afungue karatasi zenyewe.

Mwenye majedwali 12 ana mtego mwingine. SQL huunganisha kutoka juu kwenda chini, hivyo `UNION` moja tu iliyoandikwa mwishoni, kabla ya Desemba, hufuta pacha za miezi yote iliyotangulia hata kama ilikuwa imeunganishwa kwa `UNION ALL`. Neno `ALL` likisahaulika hapo mwishoni tu, mwaka mzima unaweza kupungua. Ndiyo maana ni vizuri kuhesabu mistari ya kila jedwali peke yake kwa `COUNT(*)`, kujumlisha, na kulinganisha na jumla ya muungano kabla ya kumlipa mtu yeyote.

Dawa yenyewe iko kituoni, kwenye kile karani anachoandika. Safu ya zamu, asubuhi au jioni, ingetosha kwa mfano wetu: `UNION` ingetoa mistari 8 na lita 40. Lakini mfugaji akileta ndoo mbili sawa zamu moja, zikapimwa kila moja peke yake, tumerudi palepale. Namba ya risiti ni imara zaidi, kwa kuwa kila upimaji una risiti yake, na karatasi iliyoingizwa mara mbili itajitokeza na namba ileile. Ikiwa vituo ni vingi na kila kimoja kina kitabu kinachoanzia 1, safu ya kituo na namba ya kitabu nazo ziingie kwenye `SELECT`. Vinginevyo risiti 57 ya kituo kimoja inaweza kuchukuliwa kuwa ndiyo risiti 57 ya kingine.