Kumpendekeza mwenzako wa kazi kwa mtu mnayefahamiana

Anayempendekeza mwenzake wa kazi hutoa ushuhuda wa kazi aliyoiona ikifanyika. Ushuhuda huo ni tofauti na cheti cha utumishi ambacho mwajiri humpa mfanyakazi ajira inapokoma. Cheti husema mtu alishika kazi gani na kwa kipindi gani. Namna alivyoifanya ni habari nyingine. Nchini Kenya, kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri atoe cheti hicho, lakini kinasema wazi kwamba halazimiki kutoa ushuhuda kuhusu tabia au utendaji wa mfanyakazi. Kwa hiyo habari ambayo mwajiri mpya anaihitaji zaidi mara nyingi hubaki vichwani mwa watu waliofanya kazi pamoja.

Habari hiyo husafiri kwa njia ya kufahamiana, na mara nyingi hupitia kwa watu wasioonana kila siku. Mwanasosholojia wa Marekani Mark Granovetter aliwahoji wanaume wa mji wa Newton, karibu na Boston, kuhusu walivyopata kazi zao, na mwaka 1973 akachapisha makala iliyopata umaarufu mkubwa. Wengi wa waliopata kazi kupitia mtu walisaidiwa na mtu waliyeonana naye mara chache. Rafiki wa karibu hujua habari zilezile ambazo mhusika tayari anazijua. Aliye mbali kidogo ana habari za kwingine. Lakini umbali huo una gharama yake. Aliye mbali hajawahi kumwona anayependekezwa akifanya kazi, hivyo maneno kama “mchapakazi” na “mwaminifu” hayampi picha yoyote. Kadiri anayepokea pendekezo alivyo mbali na kazi yenyewe, ndivyo anavyohitaji mambo mahususi.

Chukulia msimamizi wa mauzo katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi jijini Mwanza. Dada aliyesoma naye chuo sasa ni meneja wa chama cha akiba na mikopo mkoani Geita, na anatafuta mhasibu. Msimamizi huyo amefanya kazi miaka minne na mhasibu anayemwamini. Kabla hajalitaja jina la mtu, humuuliza meneja tatizo hasa ni nini. Meneja anajibu kwamba fedha za wanachama huingia kwa njia tatu, yaani taslimu, benki na simu, na kila mwisho wa mwezi vitabu havikubaliani na fedha zilizopo. Jibu hilo ndilo linaloamua nini kiandikwe. Mhasibu yuleyule huenda ni hodari pia wa kutayarisha ritani za VAT na kuziwasilisha kabla ya tarehe 20, lakini sifa hiyo haigusi shida ya Geita.

Hatua inayofuata ni kumuuliza mhasibu mwenyewe. Wengi huiruka kwa nia njema, kisha madhara humwangukia mtu waliyetaka kumsaidia: habari humfikia bosi wake kwamba anatafuta pa kuhamia, na yeye hata hakujua kwamba jina lake limetajwa. Kumuuliza huleta faida nyingine, kwani huenda hataki kuhama mji, au ana kazi aliyowahi kuifanya ambayo msimamizi haijui. Namba yake ya simu hutolewa baada ya yeye kukubali.

Kisha msimamizi hutafuta tukio moja linaloonyesha uwezo unaohitajika. Analikumbuka moja. Mwezi mmoja hesabu za duka zilionyesha pungufu ya shilingi 840,000, na baadhi ya watu wakaanza kumshuku muuzaji. Mhasibu alichukua ankara zote za mwezi na kulinganisha namba ya kila muamala wa simu na ankara yake. Siku ya pili akagundua kwamba malipo ya mteja mmoja yaliandikwa mara mbili: mara ya kwanza ujumbe wa simu ulipoingia, mara ya pili mteja alipofika na karatasi mkononi. Fedha haikuwa imeibwa. Baada ya hapo alianzisha utaratibu wa kuandika namba ya muamala kwenye kila ankara, na kila jioni alilinganisha ankara, sanduku la fedha na malipo ya simu.

Si yote hayo yanayostahili kuandikwa. Jina la mteja na kiasi cha fedha ni siri za duka, na mpokeaji akiona siri za watu zinamwagwa atajiuliza siri zake zitafika wapi. Ujumbe unaofaa huwa kama huu:

“Dada, habari za Geita. Kuhusu ile nafasi ya mhasibu, ninaye mtu ninayempendekeza, na ameniruhusu nikuandikie. Tumefanya kazi pamoja miaka minne. Mimi niko mauzo, yeye uhasibu, na hesabu zangu za kila siku hupita mikononi mwake. Hapa kwetu pia malipo huingia kwa taslimu, benki na simu. Yeye ndiye aliyeweka utaratibu wa kulinganisha njia zote tatu kila jioni. Wakati mmoja ilionekana fedha imepungua, akafuatilia muamala mmoja mmoja hadi akaonyesha kwamba ni malipo yaliyoandikwa mara mbili, na muuzaji aliyekuwa anashukiwa akawa salama. Tena huwaeleza hesabu wasio wahasibu, mimi nikiwa mmoja wao, mpaka waelewe. Hajawahi kusimamia vitabu vya mikopo na riba, kwa hiyo hilo muulize mwenyewe. Ukitaka kuzungumza naye, nitakutumia namba yake.”

Sentensi kuhusu mikopo na riba ndiyo ambayo wengi huiogopa. Huifanya kazi kubwa kuliko zote, maana inamwonyesha meneja mpaka wa ushuhuda, na kwa sababu hiyo sifa zilizotangulia huaminika. Pia humlinda mhasibu asifike Geita akakabidhiwa kazi asiyoijua huku akisubiriwa maajabu. Upungufu unaotajwa ni ule unaogusa kazi inayozungumziwa. Ugonjwa, ndoa, madeni na mambo ya nyumbani havina nafasi hapo.

Kuna kosa jingine ambalo mwandishi wake mara nyingi halioni. Frances Trix na Carolyn Psenka walichunguza zaidi ya barua 300 za kuwapendekeza madaktari waliokuwa wakiomba kazi ya ualimu katika chuo cha udaktari nchini Marekani, na wakachapisha matokeo mwaka 2003. Barua za wanawake zilikuwa fupi zaidi kwa wastani, na zilisifu bidii yao mara nyingi kuliko barua za wanaume, ambazo zilitaja zaidi utafiti wao. Mhasibu wa Mwanza akiwa mwanamke, ni rahisi kumwandikia kwamba ni mpole, mtulivu na anajituma, na utaratibu alioubuni ukasahaulika. Njia ya kulibaini kosa hilo ni kuusoma ujumbe tena na kuangalia kama kila sifa imefuatwa na kitu alichokifanya.

Baada ya kuwakutanisha, msimamizi hukaa kando. Usaili na uamuzi ni vya meneja, na kumpigia mara kwa mara kuuliza amefikia wapi hugeuza ushuhuda kuwa shinikizo. Akiulizwa swali la ziada hujibu alichokiona, na asichokiona hukisema kuwa hakukiona. Na anayeombwa kumpendekeza mwenzake, akitafuta tukio hata moja asilipate, afadhali amwambie mapema atafute mtu mwingine anayeijua kazi yake vizuri zaidi.