Statini Iliyojificha Ndani ya Mchele Mwekundu

Huko China, tangu karne nyingi, mchele uliopikwa hupandikizwa kuvu ya jamii ya Monascus na kuachwa uchachuke mpaka punje zigeuke nyekundu iliyokolea. Wapishi huutumia kutia rangi nyama na kutengenezea pombe ya mchele. Siku hizi mchele huohuo husagwa, ukafungwa ndani ya vidonge vya kapsuli na kuuzwa kuwa kirutubisho cha asili cha kushusha lehemu. Na kwa kweli baadhi ya kapsuli hizo huishusha. Hapo ndipo matatizo yanapoanzia.

Mwaka 1979 mwanasayansi wa Japani, Akira Endo, alitoa katika kuvu hiyo kemikali aliyoiita monakolini K. Watafiti wa kampuni ya Merck huko Marekani walikuwa wameipata kemikali iyo hiyo katika kuvu ya aina nyingine. Wao wakaiendeleza kuwa dawa ya hospitali, lovastatini, iliyoruhusiwa kuuzwa mwaka 1987. Hizi si dawa mbili zinazofanana. Ni molekuli moja. Zote huzuia kimeng'enya ambacho ini hukitumia kutengeneza lehemu.

Ndiyo maana mwaka 1998 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitamka kwamba Cholestin, bidhaa ya mchele huo, ni dawa isiyo na kibali. Kesi ilivutana mahakamani hadi 2001, serikali ikashinda. Mchele haukutoweka madukani, ila kipimo cha monakolini hakionekani kwenye chupa. Watafiti waliopima chapa 28 nchini humo, wakachapisha matokeo yao mwaka 2017, hawakukuta hata lebo moja iliyotaja kiasi hicho. Chapa mbili hazikuwa na monakolini K kabisa. Katika zilizobaki, mtu aliyefuata maelekezo ya lebo angemeza kwa siku kuanzia miligramu 0.09, ambayo ni sawa na bure, hadi karibu 11, kiasi cha kidonge kidogo cha lovastatini.

Sasa tuchukue mfano wa mzee aliyeandikiwa atorvastatini miligramu 40 kila usiku. Vipimo vinaonyesha lehemu yake mbaya bado iko juu kidogo. Mtu anamshauri aongeze mchele mwekundu, naye, kwa haraka ya kupona, anameza maradufu ya kipimo cha lebo. Akiangukia chapa kali, anaongeza miligramu 22 za statini ya pili ambayo daktari wake haijui.

Faida yake ni ndogo. Kwa kawaida, hata ukizidisha dozi ya statini mara mbili, lehemu mbaya hupungua kwa takriban asilimia 6 tu zaidi. Madhara kwa misuli, hata hivyo, huongezeka kadiri dawa inavyozidi mwilini. Kisha mzee anapata kifua na kupewa klarithromaisini. Antibiotiki hiyo huzuia kimeng'enya cha ini kinachovunjavunja atorvastatini na lovastatini pia, hivyo zote mbili zinarundikana kwenye damu. Baadhi ya dawa za fangasi hufanya vivyo hivyo, na ritonaviri iliyomo katika baadhi ya dawa za kupunguza makali ya VVU. Maji ya balungi nayo yamo.

Dalili huanzia mapajani na mabegani. Misuli inauma pande zote mbili bila kazi nzito, na kuinuka kitini kunakuwa shida. Mkojo ukiwa wa kahawia kama chai ya rangi, misuli inayeyuka na mabaki yake yanaziba figo. Hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Huko watapima kimeng'enya cha misuli kwenye damu, kreatini kinase, na hali ya figo, kisha watamwongezea maji kwa mishipa.

Daktari atauliza dawa anazotumia. Mzee atataja kidonge cha usiku na antibiotiki, kwa kuwa mchele, kwake, ni chakula. Kidonge ndicho kitakachobeba lawama yote, na huenda akaachishwa dawa inayokinga moyo wake huku kapsuli zikibaki kabatini. Wapo pia walioacha statini kwa sababu ya maumivu ya misuli, wakahamia kwenye mchele mwekundu ili kuikwepa. Wameirudia bila kujua.

Umoja wa Ulaya, tangu 2022, unataka dozi ya siku iwe na monakolini chini ya miligramu 3, na lebo ikataze kuichanganya na dawa nyingine za lehemu. Inawakataza pia wajawazito, wanaonyonyesha, walio chini ya miaka 18 na waliozidi 70. Anayemeza vyote viwili leo aache kapsuli, asiache kidonge kwa uamuzi wake, na chupa yenyewe aipeleke kwa daktari au mfamasia.