Jirani wa Karibu, Jirani wa Kufanana

Piga picha usiku kwa simu, mlango wa mbao nyeusi uliotiwa katika ukuta wa chokaa, kisha uikuze kwenye kioo mpaka uone vijiraba vyake. Mlango ulioonekana mweusi mtupu utaukuta umejaa chembechembe, kijiraba hiki kimezidi weusi kidogo, cha pili kimepauka, cha tatu kinaelekea kijivu. Mwanga ulikuwa haba, kamera ikalazimika kuikuza ishara dhaifu iliyoipata, na makosa madogo madogo yakakuzwa pamoja nayo. Wahandisi wa picha huyaita makosa hayo kelele.

Dawa ya kwanza inayomjia mtu ni wastani. Kila kijiraba, yaani pikseli, kipewe thamani ya wastani wa majirani zake. Aliyezidi atapunguzwa na aliyepungua, na chembechembe zitalala. Katikati ya mlango dawa hii hufanya kazi vizuri kabisa. Tatizo liko pale mlango unapokutana na ukuta, kwa sababu hapo nusu ya majirani ni weusi na nusu ni weupe, na wastani wao ni rangi ambayo haimo mlangoni wala ukutani. Mstari uliokuwa mkali unageuka ukungu.

Mwaka 1998, katika mkutano wa wataalamu wa kompyuta na uoni uliofanyika Bombay, Carlo Tomasi wa Chuo Kikuu cha Stanford na Roberto Manduchi wa kampuni ya Apple walieleza njia ya kukwepa balaa hilo, na jina walilolitumia ndilo lililoshika: kichujio cha pande mbili. Wazo lenyewe halikuwa geni kabisa, maana Volker Aurich na Jörg Weule walikuwa wamelichapisha jambo la jinsi hiyo Ujerumani mwaka 1995. Kinachovutia ni udogo wa badiliko. Wastani unabaki wastani, ila jirani anaulizwa maswali mawili badala ya moja: uko mbali kiasi gani, na mwangaza wako unatofautiana na wangu kiasi gani? Majibu yote mawili yakiwa mazuri, uzito wake katika hesabu unakuwa mkubwa. Moja likiwa baya, anapuuzwa hata kama lile jingine ni zuri.

Tuifanye hesabu yenyewe kwenye kipande kidogo cha picha yetu, pikseli tatu kwa tatu, pale ukingoni mwa mlango. Mwangaza hupimwa kutoka 0, nyeusi kabisa, hadi 255, nyeupe kabisa.

```
52   50   148
47   58   151
50   53   150
```

Safu mbili za kushoto ni mlango, safu ya kulia ni ukuta. Tunataka kuisafisha pikseli ya katikati, yenye 58. Ukiangalia wenzake wa upande wa mlango unaona wote wanazunguka 50, basi yeye amezidi, na jibu la busara litakuwa mahali fulani juu kidogo ya 50.

Swali la kwanza ni la umbali. Uzito wake hutoka kwenye ule mkunjo wenye umbo la kengele uitwao wa Gauss, ambao ni mkubwa kabisa pale umbali ulipo sifuri, kisha hushuka taratibu. Ili kuuhesabu unachagua namba moja, upana wa mkunjo; hapa tuchukue 1. Pikseli ya katikati inapata uzito 1, wale wanne wanaopakana nayo ubavu kwa ubavu wanapata 0.61 kila mmoja, na wale wanne wa kwenye pembe, walio mbali zaidi kidogo, wanapata 0.37. Ukiishia hapo, ukazidisha kila mwangaza kwa uzito wake, ukajumlisha na kugawa kwa jumla ya uzito, ambayo ni kama 4.9, unapata 79. Huo ndio ukungu niliousema. Pikseli ya mlango imepandishwa kutoka 58 hadi 79 kwa sababu tu imekaa karibu na ukuta.

Swali la pili ni la tofauti ya mwangaza. Mkunjo ni uleule wa kengele, lakini kinachoingizwa safari hii ni tofauti kati ya mwangaza wa jirani na ule wa katikati, na upana wake tuuweke 20. Fomula nzima ya uzito wa jirani mmoja, yenye `d` kwa umbali na `t` kwa tofauti ya mwangaza, ni hii:

```
w = exp(-d*d / (2*1*1)) * exp(-t*t / (2*20*20))
```

Mchukue jirani wa juu, mwenye 50. Tofauti yake na 58 ni 8. Mraba wa 8 ni 64, ukigawa kwa 800 unapata 0.08, na mkunjo unatoa 0.92. Huyu ni ndugu. Uzito wake wa umbali ulikuwa 0.61, basi uzito kamili ni 0.61 mara 0.92, yaani 0.56. Amepunguziwa kidogo tu. Sasa mgeukie jirani wa kulia, mwenye 151. Kwa umbali yuko sawasawa na yule wa juu, wote wanapakana na katikati. Lakini tofauti yake ni 93, mraba wake ni 8649, ukigawa kwa 800 unapata karibu 10.8, na mkunjo unatoa namba iliyo karibu na sehemu moja ya elfu hamsini. Haijakatazwa kuingia kwenye hesabu, imeingia, ila sauti yake haisikiki.

Ukifanya hivyo kwa wote, majirani wa upande wa mlango wanabaki na uzito wa 0.35, 0.56, 0.52, 0.34 na 0.59, ya katikati ina 1 yake, na zile tatu za ukuta hazifikii hata 0.0001 zikijumlishwa. Jumla ya uzito wote ni kama 3.36. Jumla ya mwangaza uliozidishwa kwa uzito ni 177. Gawa, unapata 53 kasoro kidogo. Ile 58 imerudi kwenye kundi lake, na ukuta wa jirani haukuichafua.

Kugawa kwa jumla ya uzito si kwa ajili ya mapambo. Kwenye kichujio cha kawaida jumla hiyo ni ileile kila mahali, kwa hiyo unaweza kuigawa mara moja mwanzoni ukaisahau. Hapa inabadilika kila pikseli: katikati ya mlango majirani wote wanasikilizwa na jumla inakuwa kubwa, ukingoni inapungua. Anayeandika programu akasahau kugawa upya ataona kingo zote zimezungushiwa mstari mweusi.

Hilo pia ndilo linalokifanya kichujio hiki kiwe kizito kwa kompyuta. Uzito wa umbali unauhesabu mara moja na kuutumia picha nzima, lakini uzito wa mwangaza unategemea nani amekaa katikati, hivyo unatafutwa upya kila mara. Kwa dirisha la tisa kwa tisa, picha ya pikseli milioni 12 inadai uzito karibu bilioni moja. Wajanja huandaa jedwali la tofauti zote kuanzia 0 hadi 255 ili wasikokotoe mkunjo kila mara, na zipo mbinu za makadirio zinazokwenda kasi zaidi.

Lakini gumu kuliko yote ni ile 20. Umbali hauna ubishi mkubwa. Ukiuweka 1 au 3, kinachobadilika ni ukubwa wa ujirani. Upana wa mwangaza ni hukumu: ni tofauti kiasi gani tuihesabu kuwa kelele, na kutoka kiasi gani tuseme hiki ni kitu kingine? Kichujio hakijui mlango wala ukuta. Rudia hesabu yetu kwa upana wa 100, na wale watatu wa ukutani wanapata uzito wa kueleweka, jibu linapanda hadi 72, na ukungu umerudi karibu wote. Ukishusha hadi 3, hata ndugu wa mlangoni wanaonekana wageni, na 58 inashuka hadi 57 tu. Umesubiri kompyuta imalize kazi ambayo haikufanyika.

Njia ya kuikadiria ni kutafuta mahali kwenye picha ambapo unajua hapana kitu, tuseme kipande cha ukuta mtupu, na kupima jinsi thamani zake zinavyotawanyika kuzunguka wastani. Kama mtawanyiko wa kawaida ni 8, upana wa 16 hadi 24 ni mwanzo mzuri. Katika maktaba ya OpenCV, ambayo wengi ndiyo wanayoanzia, namba hiyo ndiyo ya tatu kwenye mabano, baada ya picha na kipenyo cha dirisha, na upana wa umbali unafuata:

```
safi = cv2.bilateralFilter(picha, 5, 20, 1)
```

Wengi huweka 75 pande zote mbili kwa kuwa ndivyo walivyoiona kwenye mfano wa mtu. Kwa picha yenye kelele ndogo hiyo ni kubwa mno, na nyuso za watu hutoka kama za plastiki.

Hata ukiichagua vizuri, kuna kelele ambayo kichujio hiki hakiiwezi. Badilisha ile 58 iwe 255, pikseli moja iliyokufa ikabaki nyeupe tupu. Jirani anayeikaribia zaidi kwa mwangaza ana 151, na hata yeye tofauti yake ni 104. Wote wanapata uzito wa karibu sifuri, pikseli inajisikiliza peke yake, na inatoka na 255 yake ileile. Kichujio kinaiona kama kingo pande zote na kinailinda kwa bidii. Kwa kelele ya namna hiyo unatumia kichujio cha thamani ya kati, kinachopanga majirani kwa ukubwa na kumchukua wa katikati.

Kasoro ya pili huonekana angani. Mahali mwangaza unapopanda pole pole, kama mbingu za jioni, majirani wanaofanana huvutana na mteremko laini ukagawanyika ngazi ngazi. Na kwenye picha za rangi, ukiziendesha nyekundu, kijani na bluu kila moja kivyake, kingo huchorwa rangi za ajabu, kwa kuwa jirani aliyekataliwa kwenye nyekundu huenda amekubaliwa kwenye bluu. Tomasi na Manduchi walipima tofauti ya rangi nzima kwa mpigo mmoja, ndani ya mfumo wa CIE-Lab uliokusudiwa kufuata jinsi jicho la mtu linavyotofautisha rangi.

Ukitaka kujua kama ulichokifanya kimefaa, usiiangalie sana picha iliyosafishwa, maana laini hupendeza macho. Toa picha mpya kwenye ile ya zamani, uangalie kilichobaki. Kikiwa vumbi tupu lisilo na umbo, umeondoa kelele. Ukiona humo fremu ya mlango, au mistari ya mbao, punguza ile 20.