RAM 8GB ya kwenye boksi: soma maandishi madogo kabla ya kulipa

Chukua maboksi mawili ya simu yaliyopangwa kwenye kabati la vioo la duka lolote Kariakoo. La kwanza limeandikwa kwa herufi kubwa RAM 8GB, hifadhi 128GB. La pili RAM 6GB, hifadhi 64GB. Bei zinakaribiana. Muuzaji atakusukumia la kwanza, na kwa hesabu ya haraka utaona ana haki. Lakini ligeuze boksi hilo usome maandishi madogo. Siku hizi si ajabu kukuta "4GB+4GB".

Hapo ndipo pa kutulia. RAM ni sehemu ambamo simu inaweka kazi inayofanyika sasa hivi: ukurasa uliofungua, ramani unayoifuata, meseji unayoandika. Ukizima simu, yote yaliyomo hufutika. Hifadhi ndiyo inayotunza vitu vya kudumu, yaani picha, video, nyimbo na programu zenyewe, hata chaji ikiisha. Zote mbili hupimwa kwa GB, na huko ndiko wanunuzi wengi wanakochanganywa.

Sasa, katika ile "4GB+4GB", RAM halisi ni 4GB za mwanzo tu. Zile nyingine zimekatwa kutoka kwenye hifadhi, kwa hiyo ukiziwasha, 128GB ulizolipia zinapungua kwa kiasi hichohicho. Tena hifadhi ni nzito mno ikilinganishwa na RAM. Kwenye simu za bei nafuu, hifadhi husoma data kwa kasi ya megabaiti mia kadhaa kwa sekunde, wakati RAM hupitisha maelfu. Simu hutumia eneo hilo la kuazima kuegeshea programu ambazo huzitumii kwa wakati huo. Inasaidia kidogo, sikatai, ila kuiita RAM 8GB ni kumpaka mteja mafuta kwa mgongo wa chupa.

Upungufu wa RAM unajitokeza hivi. Unajaza fomu kwenye kivinjari, unaambiwa namba ya uthibitisho imetumwa kwa meseji. Unatoka kwenda kuisoma, unarudi, na ukurasa unaanza kupakia upya ukiwa mtupu. Mtandao utalaumiwa bure. Kilichotokea ni kwamba RAM ilijaa, Android ikakifunga kivinjari kimyakimya ili meseji zipate nafasi. Kwenye simu ya 4GB, mfumo wenyewe unaweza kula karibu nusu kabla hujagusa kitu. Zinabaki kama 2GB za kugawana WhatsApp, kivinjari na kamera. Ile ya 6GB halisi huacha karibu mara mbili ya hapo, na tofauti hiyo utaiona kila siku.

Je, 64GB zitatosha? Mfumo na programu zilizokuja na simu zinaweza kuchukua kama 18GB, zikabaki 46GB. Weka 15GB za programu zako na 10GB za picha na video za makundi ya WhatsApp, ambazo kwa mtu mwenye makundi ya harusi si nyingi. Zinabaki 21GB. Video ya kawaida ya 1080p hula takriban megabaiti 130 kwa dakika, hivyo hapo unaweza kurekodi zaidi ya saa mbili na nusu. Usiijaze mpaka juu, maana hifadhi iliyojaa kabisa nayo huifanya simu iwe nzito: kabla ya kuandika kitu kipya, inalazimika kwanza kupanga na kufuta vipande vya zamani. Lakini kufuta picha ili kuongeza RAM ni kazi bure. Hizo ni sehemu mbili tofauti.

Hifadhi ina njia ya kuongezwa: kama simu ina sehemu ya memori kadi, picha na video zinahamia huko. RAM halisi imeunganishwa kiwandani, huwezi kuiongeza baadaye.

Kwa hiyo, kati ya simu hizi mbili, ningechukua ya 6GB na 64GB, mradi iwe na sehemu ya memori kadi. Kama haina, na wewe ni mtu wa kurekodi video kila siku, basi ya 128GB itakufaa zaidi, ukijua kwamba unanunua simu ya RAM 4GB na bei yake inapaswa kuwa ya 4GB.

Usitegemee boksi peke yake. Omba simu iwashwe, ingia Settings, kisha About phone, uangalie mstari wa RAM. Kwenye simu nyingi zenye RAM ya kuazima utaona alama ya kujumlisha. Halafu fungua kivinjari, kamera, ramani na YouTube kwa mpigo, urudi kwenye kivinjari. Ukurasa ukianza kupakia upya, mwombe muuzaji akutolee ile nyingine.